Kidonge cha presa na mzee anayeyumba: sodiamu inaposhuka bila kelele

Mzee aliyekuwa akitembea mwenyewe hadi shambani anaanza kuyumba. Usiku anaanguka akienda chooni, na siku chache baadaye anawaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokufa zamani. Nyumbani mmoja atasema ni uzee, mwingine atasema malaria imepanda kichwani, na wa tatu atamtaja jirani ambaye hawaelewani naye. Swali ambalo huulizwa mara chache ni hili: je, katika wiki mbili au tatu zilizopita mzee huyu ameanzishiwa dawa gani?

Tunauliza hivyo kwa sababu kuna kundi la vidonge vya presa, vile ambavyo watu huviita dawa za kukojoza au vidonge vya kupunguza maji, ambavyo kwa baadhi ya wazee hushusha kiwango cha sodiamu kwenye damu. Sodiamu ni sehemu ya chumvi ambayo mwili huitumia kuweka maji mahali pake. Ikishuka sana, kinachoumia kwanza ni ubongo, na ubongo hauna namna ya kulia kama jino linavyouma. Hulalamika kwa njia nyingine, kama kichefuchefu, usingizi usioeleweka, hatua zisizo na mpango, kuanguka na kuchanganyikiwa.

Sekenke, kama sehemu nyingine za Iramba, ina wazee wengi ambao watoto wao wako mjini au machimboni, nao wanaishi na wajukuu. Wengi wana mfuko mdogo wa nailoni uliojaa vidonge, vingine vya kliniki, vingine vya duka la dawa, vingine alivyoleta mtoto alipokuja likizo. Presa yenyewe si jambo la kubuni. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2013, uliwapima zaidi ya watu 2,000 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, na karibu saba kati ya kila kumi walikutwa na presa ya juu. Wengi wao walikuwa hawajui, na wachache tu ndio walikuwa kwenye dawa. Kwa hiyo hatusemi vidonge hivi ni vibaya. Vimewakinga watu wengi dhidi ya kiharusi na moyo kushindwa, na ni vya bei nafuu. Tunachosema ni kwamba kidonge kinafika kijijini, lakini kipimo cha damu kinachopaswa kukifuatilia mara nyingi kinabaki hospitali, mbali na anayekimeza.

Ni vidonge vipi hasa

Dawa za kukojoza ziko za aina kadhaa, na hapa inabidi tuzitenganishe, maana watu huzichanganya.

Zinazohusika zaidi na tatizo hili zinaitwa thiazaidi. Kwenye maduka yetu utazikuta kwa jina refu linaloanza na "bendro", ambacho mara nyingi ni kidonge kidogo cha miligramu 5, au haidroklorothiazaidi, ambayo kwenye boksi huandikwa kwa kifupi HCT au HCTZ na mara nyingi ni ya miligramu 25. Kuna mtego mmoja. Dawa hii ya pili huchanganywa ndani ya vidonge vingine vya presa, kama losatani, kisha jina hufuatwa na herufi H. Mzee anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba hamezi dawa ya kukojoza, anameza losatani tu, kumbe iko humo ndani. Soma boksi lote, na kama boksi limetupwa, beba ule utepe wa vidonge wenyewe.

Aina nyingine ni furosemaidi, ambayo wengi wanaijua kama Lasiksi. Hii ina nguvu zaidi ya kukojoza, na hutolewa hasa kwa wenye moyo ulioshindwa au miguu iliyojaa maji. Ungetegemea dawa yenye nguvu zaidi ndiyo ishushe sodiamu zaidi, lakini mara nyingi sivyo. Ile inayoonekana ya upole ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa upande huu, na sababu yake iko kwenye namna figo inavyofanya kazi.

Mchuzi uliopwaya

Fikiria sufuria ya mchuzi uliokolea chumvi vizuri. Ukichota upawa mmoja wa mchuzi na kuumwaga, chumvi kidogo imetoka, lakini ladha ya uliobaki haijabadilika. Sasa rudisha upawa mmoja wa maji matupu. Ladha imepwaya. Ukirudia hivyo asubuhi na jioni, mwisho wa wiki sufuria itakuwa imejaa kama mwanzo, lakini mchuzi haulipi tena. Hivyo ndivyo sodiamu inavyoshuka. Mwili unaweza kuwa na maji ya kutosha, hata kuzidi, huku chumvi ndani yake ikiwa imepungua.

Figo nzima inayo njia ya kujikinga na hali hiyo. Ukinywa maji mengi, hukojoa mkojo mweupe kama maji ya kisima, yaani hutoa maji na kubakiza chumvi. Kazi hiyo hufanyika kwenye sehemu maalumu ya mirija ya figo, ambapo chumvi hurudishwa mwilini huku maji yakiachwa yaende zake. Thiazaidi hufunga mlango uleule. Mzee anakojoa, na kweli anakojoa, lakini mkojo wake unatoka na chumvi, na figo imepoteza uwezo wa kutoa maji matupu. Furosemaidi hufanya kazi kwenye sehemu nyingine, na huharibu pia ule uwezo wa figo wa kubana maji, kwa hiyo maji hutoka pamoja na chumvi na mchuzi haupwai haraka hivyo.

Sodiamu ya kawaida kwenye damu ni kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Ikishuka chini ya 135 tayari ni pungufu, na ikifika chini ya 125 hali ni mbaya. Damu inapopwaya, maji huingia ndani ya seli na seli huvimba. Mkono au mguu ukivimba kidogo hakuna shida, ngozi itatanuka. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, na fuvu halitanuki. Ndiyo maana dalili zote kubwa ni za kichwa.

Kwa nini wazee? Figo za mtu wa miaka 75 si zile za miaka 40, hata kama hana ugonjwa wowote. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na watu wembamba zaidi kuliko wanene, kwa kuwa sufuria yao ni ndogo na upawa uleule wa maji huipwaisha zaidi. Bibi wa kilo 43 na mwalimu mstaafu wa kilo 85 wakipewa kidonge kimoja cha ukubwa uleule, hawajapewa dawa sawa.

Halafu kuna chakula, na hapa tunaomba tukae kidogo. Ili figo itoe maji, inahitaji kitu cha kuyabeba. Mabaki ya nyama, maharage, samaki na maziwa, pamoja na chumvi, ndiyo mizigo inayotoka na maji kwenye mkojo. Mzee ambaye meno yameisha, asiyetafuna tena, anayeishi kwa uji mwepesi asubuhi, chai ya rangi mchana na ugali kidogo kwa mlenda jioni, anaingiza maji mengi na mizigo michache sana. Figo yake haina cha kutolea hayo maji. Mwambie mzee huyo apunguze chumvi kwa sababu ya presa, mpe thiazaidi, kisha msisitize anywe maji mengi kwa afya, na umemwekea mitego mitatu kwa mpigo bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Kila ushauri, ukiusikia peke yake, ni ushauri wa kawaida kabisa.

Siku kumi na moja za bibi mmoja

Mfano unaofuata tumeutunga, si wa mtu fulani, lakini kila hatua ndani yake ni ya aina inayotokea kweli.

Bibi ana miaka 74 na uzito wa kilo 43. Siku ya kliniki presa yake inasoma 172 kwa 88, na kipimo cha pili baada ya mapumziko kinasoma karibu vilevile. Anapewa bendro ya miligramu 5, kidonge kimoja kila asubuhi, na kuambiwa apunguze chumvi na arudi baada ya mwezi. Hapo hakuna kosa la kushangaza, ingawa kwa mtu wa uzito huo nusu kidonge ingetosha kuanzia.

Siku nne za mwanzo anakojoa sana na anasema kichwa kimekuwa chepesi. Siku ya tano anapata kichefuchefu na ugali haupiti. Mjukuu wake, binti wa kidato cha pili, anamwandalia uji na kumsihi, "Bibi, kunywa maji, mwili umekauka." Bibi ni msikivu. Ukijumlisha uji, chai na maji ya jagi, anafikisha lita tatu kwa siku, na kula hali.

Siku ya saba anasinzia mchana, jambo ambalo si lake. Siku ya nane, usiku, anaanguka kati ya nyumba na choo na kuchubuka paji la uso. Asubuhi anatembea akishika ukuta, miguu imepanuka kama ya mtu aliyetoka kilabuni. Siku ya kumi anamwita mjukuu kwa jina la dada yake aliyefariki, anauliza ng'ombe wamerudi wakati nyumba hiyo haina ng'ombe, na kidonge chake cha asubuhi anakimeza kama kawaida, kwa sababu mjukuu ni mwaminifu na hajawahi kukosa kumpa.

Siku ya kumi na moja anafikishwa zahanati kwa bodaboda, amewekwa katikati ya dereva na mjukuu. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi kitu. Sukari ni 5.8, haijashuka. Joto la mwili ni la kawaida. Presa ni 128 kwa 76, na hapo ndipo mtu angeweza kusema dawa inafanya kazi vizuri, bibi ni uzee tu. Mhudumu anauliza swali moja zaidi: mfuko wa dawa uko wapi? Mjukuu amekuja nao. Mhudumu anahesabu vidonge vilivyobaki, anaona dawa ina siku kumi na moja, anaandika rufaa na kuandika juu yake "mzee, thiazaidi mpya, kuchanganyikiwa na kuanguka, naomba sodiamu."

Hospitali sodiamu inasoma 117, na potasiamu nayo iko chini, 3.0. Kwa kuwa aliangushwa na kupiga kichwa, anaangaliwa pia kama damu imevuja ndani ya fuvu, maana hilo nalo huchanganya akili. Bendro inasimamishwa. Daktari anaona miguu haijavimba, mdomo haujakauka, na presa haianguki anaposimama, hivyo anampunguzia vinywaji hadi lita moja hivi kwa siku, anamrudishia potasiamu, na kupima sodiamu tena na tena. Baada ya siku ya kwanza ni 123. Siku ya pili ni 128. Siku ya tano anatoka na 133, anajua jina la mjukuu wake na anauliza nani amelisha kuku. Presa yake inahamishiwa kwenye amlodipini. Kwenye kadi yake inaandikwa asipewe tena thiazaidi, kwa sababu mtu aliyewahi kushushwa sodiamu na dawa hizi, akizirudia, hushuka tena, mara nyingine kwa haraka zaidi.

Katika mfano huu mambo yote yalitokea ndani ya siku kumi na moja, na ndivyo ilivyo kwa wengi: wiki mbili za kwanza ndizo zenye hatari kubwa. Lakini usijiaminishe kwamba aliyetumia dawa miaka miwili amepona hatari. Mzee aliyezoea kidonge chake anaweza kushuka pale anapoharisha, anapotapika, anapoacha kula kwa sababu ya nimonia, au anapoongezewa dawa nyingine. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wazee humeza kwa ajili ya magoti na mgongo, hubana maji mwilini na juu ya hapo hupandisha presa. Baadhi ya dawa za kifafa, hasa kabamazepini, na baadhi ya dawa za sonona hushusha sodiamu zenyewe, na zikikutana na thiazaidi hali huwa mbaya zaidi.

Uzee hauji kwa wiki moja

Kuna njia moja nzuri ya kutofautisha, nayo haihitaji mashine. Kusahau kwa uzeeni huja kwa miezi na miaka. Leo anasahau alipoweka fimbo, mwaka kesho anasahau njia ya sokoni. Kuchanganyikiwa kunakokuja kwa siku, kunakopanda na kushuka ndani ya siku hiyohiyo, asubuhi mzima, jioni hamjui mwanawe, si uzee. Hiyo ni dalili ya ugonjwa au dawa, na mwenye kumjua mzee kila siku ndiye mpimaji bora kuliko daktari anayemwona kwa mara ya kwanza. Ndugu, mkifika zahanati msiseme tu "amezeeka." Semeni, "wiki iliyopita alikuwa anapepeta mahindi, leo hajui siku."

Kuanguka nako huonekana kidogo kuliko kunavyostahili. Madaktari wa Ubelgiji walichapisha mwaka 2006 matokeo ya kuwapima watu ambao sodiamu yao ilikuwa imeshuka lakini walionekana wazima, hata wenyewe walikuwa hawajioni wagonjwa. Walipowatembeza kwa mstari ulionyooka, waliyumba, na umakini wao ulikuwa umepungua kuliko wa watu wazima waliokunywa pombe kiasi. Sodiamu iliporekebishwa, kuyumba kulipungua. Watu wa aina hiyo pia ndio waliokutwa wameanguka mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo mzee asiyeonja hata togwa, akianza kutembea kama mlevi, ana jambo la kupimwa. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo, safari ya kurudi kwenye miguu yake ni ndefu sana, na wengine hawairudii.

Tusije tukaelekeza kila kitu kwenye sodiamu. Dawa ya presa inaweza kumwangusha mzee kwa njia nyingine, presa ikishuka ghafla anaposimama kutoka kitandani. Mwombeni mhudumu ampime akiwa amelala, kisha baada ya kusimama dakika chache. Kiharusi huja kwa dakika, upande mmoja ukilegea au mdomo ukipinda. Sukari iliyoshuka huchanganya akili, na lazima ipimwe kwanza kwa kuwa tiba yake ni ya haraka. Na malaria, ambayo katika ukanda wetu ndiyo inayosingiziwa kila kitu, inaweza yenyewe kushusha sodiamu. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, bado mwambie mhudumu kuhusu kidonge cha kukojoza. Kupata jibu moja hakufuti la pili.

Kwa nini usimlambishe chumvi

Ukishaelewa kwamba sodiamu imeshuka, jambo la kwanza litakalokujia ni kumkorogea maji ya chumvi. Usifanye hivyo. Kwanza hujui imeshuka kiasi gani, na maji utakayokorogea yanaweza kuzidi chumvi utakayotia, ukawa umeupwaisha mchuzi zaidi. Pili, mzee aliyechanganyikiwa hupaliwa kirahisi. Tatu, na hili ndilo zito, sodiamu iliyokaa chini kwa siku kadhaa haitakiwi kupandishwa kwa haraka. Ubongo umekwisha kuizoea hali ya kupwaya. Ukiurudisha juu ghafla, seli zake husinyaa na mishipa ya ndani inaweza kuharibika moja kwa moja, mtu akabaki hawezi kumeza, kusema wala kutembea. Ndiyo maana madaktari hupandisha taratibu, wakilenga isizidi milimoli 8 hadi 10 ndani ya saa 24, na hupima damu katikati. Bibi wa mfano wetu alipanda 6 siku ya kwanza, na hayo yalikuwa mafanikio.

Kwa sababu hiyohiyo, dripu ya kuongezwa nguvu inayotundikwa chumbani kwa mtu au nyuma ya duka la dawa ni jambo la hatari kwa mzee wa namna hii. Dripu ya sukari humwongezea maji. Dripu ya chumvi inaweza kumsaidia mmoja na kumdhuru mwingine, ikitegemea kama mwili wake umekauka kwa kuharisha au umejaa maji. Hata lile agizo la kupunguza vinywaji si la kujifanyia nyumbani, kwani mzee aliyeharisha anahitaji kinyume chake kabisa.

Akiharisha au kutapika wakati yuko kwenye thiazaidi, maji ya ORS ni bora kuliko maji matupu, na siku hiyohiyo uliza zahanati, hata kwa simu, kama kidonge kisimame mpaka apate nafuu. Akiwa amechanganyikiwa na umeshaamua kumpeleka, usimpe kidonge cha kukojoza cha asubuhi hiyo. Acha mhudumu aamue. Kukosa thiazaidi siku moja hakumletei kiharusi. Kuiacha kwa mwezi bila kupewa nyingine ni jambo jingine, na kwa mwenye moyo ulioshindwa anayetumia Lasiksi, kuiacha kunaweza kumrudishia maji kwenye mapafu. Akipata degedege, au asipoamka ukimwita, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na usafiri utafutwe saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane.

Kipimo kinachobaki hospitali

Kipimo chenyewe ni cha damu kidogo tu ya mkononi, na hutoa sodiamu na potasiamu pamoja. Maabara huandika Na na K. Mashine yake si ya zahanati. Kutoka Sekenke maana yake ni kwenda Kiomboi, kwenye hospitali ya wilaya, au Singida mjini, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, na kabla ya kukodi gari ni vema zahanati ipige simu kuuliza kama mashine inafanya kazi na dawa zake zipo. Nauli ya mgonjwa na msindikizaji mmoja huzidi bei ya vidonge vya miezi kadhaa. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hizo zinahusu gharama za matibabu. Barabara ya kupanda mlima Sekenke haimo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa presa wa mwaka 2021, lilisema matibabu yasicheleweshwe kwa kungoja vipimo vya maabara, na tunadhani ni sahihi, maana kungoja kungewaacha wengi wapate kiharusi. Lakini mwongozo huohuo unakumbusha kwamba kundi la amlodipini linaweza kuanzishwa bila kupima chumvi za damu. Kwetu sisi hapo ndipo penye njia. Bibi mwembamba, anayekula kidogo, anayeishi mbali na maabara, ana sababu nzuri ya kuanza na amlodipini, na thiazaidi ikaachwa kwa wale watakaoweza kurudi kupimwa. Ndugu anaweza kuuliza hilo kliniki kwa heshima: "Daktari, mama huyu hatutaweza kumleta kupima damu wiki ijayo, kuna dawa nyingine inayomfaa?" Daktari anaweza kuwa na sababu ya kukataa, kama ugonjwa mwingine au dawa kukosekana, na atakueleza.

Amlodipini nayo ina lake. Huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu, hasa jioni. Tumesikia namna hadithi inavyoendelea hapo: miguu imevimba, ndugu wanaogopa, mtu wa duka anaongeza "kidonge cha maji," na bibi aliyekuwa amekwepa thiazaidi anaipata kwa mlango wa nyuma, safari hii bila kadi wala kliniki kujua. Uvimbe huo si maji ya figo wala ya moyo, na dawa ya kukojoza huusaidia kidogo sana. Cha kufanya ni kurudi kliniki, dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe, na moyo na figo viangaliwe kuwa viko sawa.

Kama daktari ameamua thiazaidi, na mara nyingi ataamua hivyo kwa sababu nzuri, muulize mambo mawili kabla hamjatoka: je, aanze na nusu, na je, damu ipimwe lini. Wiki moja hadi mbili baada ya kuanza ndiyo muda unaofaa, kisha tena dozi inapoongezwa. Andikeni tarehe ya kidonge cha kwanza juu ya boksi kwa kalamu. Mwezi ujao, mzee akiamka hajui siku, tarehe hiyo ndiyo itakayomfanya mhudumu aandike sodiamu kwenye fomu badala ya kuandika uzee.